Oili Chafu, Grisi Nyeusi na Ovaroli ya Kaka

Wana wa uhandisi mnaojiandaa na fildi, hii ni yenu. Wengine mnaweza kusoma pia, maana hosteli ni zilezile na kamba za kuanikia ni zilezile, na kuna siku ovaroli ya jirani yako itadondoshea shuka lako jeupe.

Fildi yangu ya mwaka wa pili niliifanyia kwenye gereji moja ya Temeke. Bumu lilikuwa halijatoka, hivyo sikununua ovaroli. Nilimwazima kaka yangu, ambaye ni fundi wa mitambo. Alikuwa nazo mbili, zote za bluu iliyoiva: moja ya pamba tupu, nzito kama turubai, na nyingine ile nyepesi ya mchanganyiko wa polista na pamba. Akanipa ile nyepesi kwanza. Sharti lilikuwa moja: "Utairudisha kama ulivyoikuta." Shemeji naye akaweka lake: haitafuliwa kwenye beseni la nguo za mtoto. Nikacheka. Wiki ya pili sikucheka tena.

Niseme mapema kwamba ovaroli ile nyepesi niliiharibu. Niliiharibu kwa kufuata ushauri ambao karibu kila mtu pale bwenini angenipa, na ndiyo maana naandika. Ovaroli ya pili, ya pamba, ilipatwa na uchafu mbaya zaidi na ikapona. Tofauti haikuwa nguvu za mikono. Tofauti ilikuwa kuelewa uchafu wenyewe ni nini.

Tuanze na oili. Oili mpya ya injini ni ya rangi ya asali, inapitisha mwanga. Ikishatembea kilomita elfu kadhaa inatoka nyeusi ti. Ule weusi si oili iliyobadilika rangi. Ni masizi, yaani chembe za kaboni kutoka kwenye mwako, ndogo sana hata chujio la oili haliziwezi. Tena oili ya injini inatengenezwa ikiwa na kemikali maalumu za kuyashika masizi hayo yasigandamane wala kutuama chini ya injini. Kwa hiyo oili chafu inapodondokea nguo, vitu viwili vimeingia kwa pamoja: mafuta, ambayo yananyonywa na nyuzi, na unga mweusi mlaini sana uliopanda ndani ya hayo mafuta kama abiria ndani ya daladala.

Hapa ndipo penye siri yote. Mafuta yanayeyuka kwenye vitu vinavyofanana nayo. Masizi hayayeyuki kwenye kitu chochote ulicho nacho nyumbani. Njia pekee ya kuyatoa ni kuyasafirisha yakiwa bado yameelea ndani ya mafuta. Ukiyaondoa mafuta kizembe, ukaacha masizi yamekaa ndani ya nyuzi, abiria wameshuka na gari limeondoka. Hapo utasugua mpaka kesho.

Grisi nayo ina hadithi yake. Grisi ni oili iliyofungwa ndani ya sabuni. Sabuni kweli, tena nyingi ni sabuni ya lithiamu, lakini si ile inayotoa povu. Kazi yake ni kuishika oili kama sponji inavyoshika maji, ili ibaki mahali pake kwenye beringi na jointi. Watengenezaji wameichagua makusudi kwa sababu haikimbii maji. Gari linapita kwenye madimbwi na grisi inabaki. Sasa wewe unakuja na beseni la maji unataka itoke, wakati kazi yake maishani ni kukataa maji. Na usidhani maji ya moto yataiyeyusha: grisi ya lithiamu huanza kudondoka kama kimiminika kwenye nyuzijoto zinazokaribia 180 au zaidi, wakati maji yanachemka kwa 100. Moto wa maji unasaidia kulainisha ile oili tu.

Halafu kuna grisi ambayo ni nyeusi tangu kwenye kopo. Hiyo ndiyo ya kuogopwa. Ndani yake kuna unga wa molibdenamu disalfaidi, au wakati mwingine grafiti. Utakutana nayo kwenye jointi za draivshafti za gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, chini ya lile buti la mpira lenye mikunjo. Buti likipasuka, grisi inarushwa kila mahali, na fundi anayelibadilisha anaivaa. Unga ule umeumbwa kwa vipande bapa vinavyoteleza na kung'ang'ania kila kinachoguswa. Kwenye chuma ni faida, lakini kwenye paja la ovaroli ni msiba.

Sasa nirudi kwenye makosa yangu. Siku ya kumwaga oili ya Noah moja, kifuniko cha sampu kilinitoka mkononi, oili ikanimwagikia mkono wa kulia kutoka kiwikoni mpaka kifundoni. Jioni hosteli nikafanya kile ambacho sote tumelelewa nacho: nikaloweka. Ndoo ya maji, sabuni ya unga ya kutosha, ovaroli nzima ndani, usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa ya kijivu na ovaroli nzima ikawa na rangi ya wingu la masika. Doa la mkononi lilikuwa palepale, ila sasa lilikuwa na watoto kifuani na mgongoni.

Kilichotokea ni hiki. Nyuzi zikishanyonya maji, maji yanakaa kati ya sabuni na mafuta kama mlinzi mlangoni. Ile sabuni, ambayo tayari imegawanywa kwenye lita kumi na kitu za maji, inafika kwenye doa ikiwa dhaifu. Mafuta machache yanatoka, yanabeba masizi, lakini hakuna sabuni ya kutosha kuyashikilia, kwa hiyo yanatua upya kwenye sehemu safi za nguo. Polista ndiyo inaumia zaidi hapa, maana nyuzi zake ni jamaa wa mafuta kwa asili, zote zimetokana na petroli. Mafuta yanayoelea majini yakiiona polista yanaona nyumbani.

Kosa la pili likafuata la kwanza. Jirani yangu wa chumba akanipa ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. "Kaka, hii inatoa kila kitu." Ni kweli ilitoa. Ilitoa bluu. Mkono wa ovaroli ukawa wa rangi ya chai ya maziwa, na doa jeusi likaonekana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Klorini inavunja rangi za kemikali, zile za chai, za maua, za dai ya kiwandani. Masizi ni kaboni tupu, hayana rangi ya kuvunjwa. Kaboni ndiyo wino wa gazeti na ndiyo mkaa. Ukiweka mkaa kwenye klorini utatoka na mkaa msafi.

Kuna aliyenishauri pia kostiki soda, akisema inageuza mafuta kuwa sabuni. Bahati nzuri hiyo sikuijaribu, na mwana wa kemia angenizuia. Kostiki inageuza mafuta ya kula kuwa sabuni kwa sababu mafuta ya mawese na ya alizeti yana kiungo ambacho kostiki inaweza kukikata. Oili ya injini imetengenezwa na minyororo ya haidrokaboni ambayo haina kiungo hicho. Kostiki ingechoma ngozi yangu na kuiacha oili ikiniangalia.

Basi ovaroli ile nyepesi ikawa imekwenda. Kaka hakusema kitu alipoiona, ambacho ni kibaya kuliko kusema. Akanipa ya pili. "Hiyo ndiyo ninayobaki nayo, mdogo wangu."

Siku nane baadaye tulifungua draivshafti ya kushoto ya Corolla, buti limepasuka miezi mingi. Nililala chini, nikavuta, jointi ikaachia ghafla na ikatua juu ya paja langu. Ilipoondolewa palikuwa na kibonge cha grisi nyeusi cha ukubwa wa kiganja, na mimi kwa akili zangu nikainua mkono nikitaka kukifuta.

"Acha!" Mzee, fundi mkuu wetu, hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo niliacha. "Usiifute. Ukiifuta unaipanda kama mahindi. Vua, ikae kavu, uje nikuonyeshe."

Alichonionyesha ndicho ninachokuandikia, nikiongeza sababu ambazo yeye hakuzisema kwa maneno ya darasani lakini mikono yake ilikuwa inazijua.

Jambo la kwanza: nguo ibaki kavu. Hakuna maji kabisa mpaka nitakaposema. Ukichukua kijiko cha zamani, unaikwangua grisi kutoka pembeni kuja katikati, ukipangusa kijiko kila mara. Ukikwangua kutoka katikati kwenda nje unakuza doa. Kwa oili, ambayo haikwanguliki, unanyunyizia kitu kikavu kinachonyonya. Mzee alitumia vumbi la mbao laini. Mimi hosteli nimetumia unga wa sembe ulioingia wadudu, na poda ya mtoto inafanya kazi vilevile. Tandaza unene wa nusu kidole, gandamiza kwa mkono, acha nusu saa, pukuta. Unga ukitoka na rangi ya kahawia, rudia. Ukitoka karibu mweupe, umemaliza hatua hiyo. Watu wanairuka kwa sababu inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini kila tone linaloondoka hapa ni tone ambalo sabuni haitapigana nalo baadaye.

Jambo la pili ndilo kiini. Unahitaji kitu cha jamii ya mafuta kitakachoilegeza grisi na kuyapa masizi usafiri mpya. Mzee alitumia mafuta ya taa, kiasi kisichozidi nusu kikombe cha chai, akiwa nje kwenye upepo, mbali na jiko na mbali na mwenzetu aliyekuwa akichomelea. Akaigeuza ovaroli nje ndani. Akakunja tambara jeupe mara nne, akaliweka chini ya doa, upande ule ulioingia grisi ukiangalia tambara. Kisha akachovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa na kugonga mgongo wa doa, kutoka ndani ya nguo kwenda nje. Aligonga, hakusugua. Grisi ikawa inasukumwa kurudi ilikotokea, ikishukia kwenye tambara. Alipolifunua, tambara lilikuwa na picha nyeusi ya doa, kama muhuri. Akalisogeza sehemu safi, akarudia.

Picha ile ndiyo kipimo chako. Muhuri wa kwanza ulikuwa mweusi kama lami. Wa pili mweusi. Wa tatu kijivu, wa nne kijivu cha kufifia. Ulipofika wa sita, ulikuwa hautofautiani na wa tano, na hapo Mzee akaacha. Kuendelea baada ya hapo ni kupoteza mafuta ya taa. Kuacha kwenye wa pili, kama wengi wanavyofanya kwa kuchoka, ni kuacha masizi ndani. Angalia pia kwamba weusi ulitoka kwa kwenda kwenye tambara, siyo kwa kupotea. Kama tambara lako halichafuki, hakuna kinachotoka, hata kama unaona doa limepauka kwa sababu limelowana.

Petroli usiitumie. Najua gereji nyingi zinaitumia, na najua inakata grisi haraka. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya chini kabisa ya sifuri, karibu nyuzi 40 chini. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 hivi na zaidi ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Hiyo inaonekana salama kwa Dar, lakini fikiria ovaroli ya bluu iliyoiva, imelowa mafuta ya taa, imeanikwa kwenye jua la saa saba. Kitambaa cheusi kinapita hizo 38 kirahisi, na nguo yenyewe ni utambi tayari. Kwa hiyo hata mafuta ya taa ni kivulini, kidogo, na hakuna kuvaa wala kuanika kabla ya kufua. Wala usiitie nguo yenye mafuta ya taa kwenye mashine ya kufulia, ya hosteli au ya dobi.

Kama huna mafuta ya taa, au huyataki ndani ya bweni (na hutakiwi kuyataka), tumia mafuta ya kula. Ndiyo, mafuta juu ya mafuta. Kijiko kimoja cha mezani, unakipiga kwenye grisi kavu kwa mswaki, unasubiri dakika kumi, unagonga kwenye tambara vilevile. Ni taratibu zaidi na utahitaji mihuri mingi, lakini hayalipuki, na yanatoka kwa sabuni baadaye. Mafuta ya mgando ya kupaka nayo yanafaa. Mimi bwenini hutumia hayo.

Jambo la tatu ni sabuni, na bado hakuna maji. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile nzito, vijiko vitatu kwa doa la ukubwa wa kiganja. Imwagie juu ya doa wakati bado lina unyevu wa mafuta ya taa, uisugue kwa brashi ya kufulia mpaka iingie. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Bila maji, mikia yote inazama kwenye mafuta na vichwa vinabaki vinasubiri. Iache dakika 20. Isikauke, ikianza kukauka, ongeza sabuni, usiongeze maji.

Ndipo sasa maji, tena kidogo. Mzee alimimina maji ya moto ya kikombe kimoja, polepole, huku akisugua. Doa likageuka likawa na utelezi wa kijivu cha maziwa. Hiyo ndiyo dalili uliyokuwa unaisubiri: mafuta yamekatika vipande vidogo sana na kila kipande kimevikwa sabuni, kinaelea kwenye maji. Kama badala ya maziwa unaona matone yanayong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji, sabuni haijatosha. Usiendelee kumwaga maji. Mimina yale, rudi kwenye sabuni kavu, anza hatua hiyo upya. Mimi nilirudia mara moja, upande wa chini wa doa karibu na mshono, maana mshono una vitambaa vitatu vilivyolala pamoja na grisi inajificha humo.

Baada ya hapo unafua kama kawaida, lakini ovaroli peke yake. Ndoo ya lita 10, maji ya moto kadiri mkono wenye glavu unavyovumilia, na sabuni ya unga vijiko vinne vya mezani vilivyojaa. Kwa pamba moto wa maji ni rafiki, kwa ile ya polista usizidishe. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvichumvi, kama ya kwetu, usitumie sabuni ya mche kwenye hatua hii. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu inaganda kuwa utando, na ule utando unayakamata masizi na kuyabandika tena kwenye nguo. Sabuni ya unga inastahimili maji hayo vizuri zaidi. Fua dakika kumi, mwaga, fua tena kwa maji na sabuni mpya, kisha suuza mara tatu. Ndoo ya kwanza itakuwa kama oili yenyewe na utakata tamaa. Ya pili ndiyo ya kuangalia: ikiwa ya kijivu chepesi, uko njiani.

Sasa usikimbilie jua. Hapa ndipo watu wanapoteza kazi yote. Nguo iliyolowa yote inaonekana nyeusi, kwa hiyo huwezi kujua kama mafuta yametoka. Ukiianika juani au ukaipiga pasi huku mafuta yamebaki, joto linayafanya yatambae ndani ya nyuzi, na kadiri yanavyokaa yanazidi kuwa mazito na kushika. Anika kivulini mpaka ikauke, halafu ipime. Dondoshea tone la maji pale palipokuwa na doa. Likinywewa mara moja kama kwingine, nyuzi ni safi. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta. Kipimo cha pili ni karatasi nyeupe nyembamba: ilaze juu ya sehemu hiyo, weka kitabu kizito juu, subiri saa moja. Karatasi ikipata doa linalopitisha mwanga, rudi kwenye sabuni kavu.

Ya kwangu ilifeli mara ya kwanza. Tone lilikaa. Nikarudia sabuni ya vyombo na kufua, bila mafuta ya taa, na kesho yake tone likazama. Jumla ilikuwa siku mbili, nusu kikombe cha mafuta ya taa, na sabuni ya vyombo karibu theluthi ya chupa. Ukiona ni gharama, linganisha na ovaroli.

Kuna kitu kilibaki, na sitawadanganya. Ukiisimamisha ovaroli ile kwenye mwanga, kwenye paja kuna kivuli cha kijivu, kama alama ya kidole cha mtu aliyeshika mkaa. Huo ni ule unga wa molibdenamu uliojipenyeza kati ya nyuzi zilizosokotwa. Mafuta yake hayapo, tone na karatasi vinashuhudia, ila vipande bapa vichache vimekwama. Kila ufuaji unatoa kidogo. Ukijaribu kukitoa kivuli hicho kwa nguvu, kwa brashi ya waya au klorini, utatoa kitambaa kabla ya kivuli. Mimi niliacha.

Na ni kipimo cha tone, siyo cha macho, kinachohusika na afya. Nilidhani suala zima ni usafi wa kuonekana mpaka nilipomuuliza Mzee kwa nini anabadilisha ovaroli hata kabla haijawa chafu sana akiona imelowa kwenye mapaja. Akanionyesha mkono wake, ngozi yenye vipele vigumu vya zamani. "Hii ni oili, kijana. Siyo jua." Oili inayokaa mwilini inaziba vinyweleo na kuleta vipele vya oili, ambavyo mafundi wengi wanavijua. Zaidi ya hapo, oili ya injini ya petroli inavyozidi kutumika inakusanya kemikali za mwako, na panya waliopakwa oili chafu kwenye ngozi kwenye majaribio walipata uvimbe wa saratani. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Lancashire, Uingereza, waliona saratani ya ngozi ya korodani ikiwapata wafanyakazi wa mashine za kusokota pamba. Mashine zile zilirusha oili ya madini kwenye nguo zao sehemu za mapaja, na walizivaa hivyohivyo siku baada ya siku. Kwa hiyo lile tambara lenye oili ambalo tunaliweka mfuko wa suruali ili tuonekane mafundi, litoe. Na ile nguo inayoonekana safi lakini tone halizami, bado inakupaka oili mwilini kila siku unapoivaa.

Sababu nyingine ni ya karakana ya chuo. Ovaroli yenye oili karibu na cheche za kuchomelea ni utambi, nimeshaeleza. Fundi wa karakana akikukatalia mlangoni, usimwone mnoko.

Kilichobaki ni maji machafu na yale matambara. Mafuta ya taa yaliyotumika hayaendi kwenye sinki la bweni wala mtaro. Yaweke kwenye chupa yenye kifuniko, uyapeleke gereji yachanganywe kwenye dumu la oili chafu, maana kila gereji inalo na kuna wanaokuja kulinunua. Tambara lililojaa grisi lianikwe nje mpaka mafuta ya taa yaishe ndipo litupwe, lisisokotwe na kuachwa pembeni ya jiko. Brashi na beseni viwe vya kazi hiyo tu. Beseni nililotumia nililiandika kwa rangi nyeupe OVAROLI, kwa sababu ya shemeji.

Nilirudisha ovaroli Jumamosi ya mwisho wa fildi. Shemeji ndiye aliyeipokea. Aliikunjua, akainusa, akaigeuza nje ndani. Kisha akachukua kikombe cha maji mezani, akachovya kidole, na kudondoshea tone kwenye paja. Sikujua kwamba na yeye anakijua kipimo kile. Tukaangalia wote wawili. Tone likazama.

"Haya, shem," akasema. "Lakini kwenye beseni la mtoto bado haiingii."